Kuandika Onyesho la WhatsApp Katika Riwaya: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu unahusu onyesho la aina moja tu: watu wawili wanaopendana, walio mbali, wanaandikiana kwa simu, na mwandishi anataka msomaji ahisi ukaribu wao bila kumpa kurasa nzima za "mambo" na "poa". Ugumu wake unajulikana kwa kila aliyejaribu. Wahusika wakikaa kwenye mkeka mmoja, mwandishi ana macho, mikono, pumzi na ukimya wa kutumia. Wakiwa kwenye simu, hubaki na mistari mifupi ya maneno ambayo hata wenyewe huandika huku wakifanya jambo lingine.

Tutatumia mfano mmoja hadi mwisho. Salimu yuko Tanga na binti yao wa miaka sita, Zai. Mkewe, Mwanaidi, anafanya kazi za nyumbani Dubai. Nimewaweka huko kwa makusudi, kwa sababu Falme za Kiarabu zimezuia kwa miaka mingi simu za sauti na za video za WhatsApp, ilhali maandishi na ujumbe wa sauti hupita. Wanandoa hawa basi hawawezi kupokezana maneno: kila mmoja husema peke yake, hutuma, kisha husubiri. Zipo programu nyingine za kupigia zinazoruhusiwa huko, kwa hiyo lieleze mapema katika sura jambo linalowazuia kuzitumia. Katika mfano wetu, matajiri wa Mwanaidi hawataki asikike akiongea na simu usiku.

Hatua ya 1: Chagua upande wa kioo, na ubaki hapo

Kabla ya kuandika ujumbe wowote, amua msimulizi amekaa na nani. Akikaa na Salimu, msomaji anaona chumba cha Tanga, chandarua, mtoto aliyelala, na kioo cha simu. Cha Dubai hakioni. Anachojua kuhusu Mwanaidi ni kile tu ambacho simu inamwonyesha Salimu: kwamba yuko hewani, kwamba anaandika, kwamba ameacha kuandika.

Waandishi wengi huvuka kioo katikati ya onyesho. Salimu anatuma, halafu aya inayofuata inatuambia Mwanaidi alitabasamu. Hapo onyesho linapoteza nguvu yake yote, kwa maana mateso na utamu wa kuandikiana vinatokana na kutoona tabasamu hilo. Ikiwa ni lazima msomaji aijue hali ya Mwanaidi, mpe sura yake mwenyewe baadaye, na umwache Salimu asijue.

Hatua ya 2: Andika mazungumzo yote, kisha uyakate

Rasimu ya kwanza iandike kama watu wanavyoandikiana kweli, bila kupunguza. Ya Salimu na Mwanaidi ingekuwa hivi:

— Umeshalala?
— Bado
— Umekula?
— Nimekula. Nyie je
— Tumekula. Zai anakuulizia
— Mwambie mama anampenda
— Mbona jana kimya
— Kazi zilikuwa nyingi
— Sawa. Pole
— Asante mume wangu
— Usiku mwema

Mazungumzo haya ni ya kweli, na ndiyo maana hayafai kuingia kitabuni yalivyo. Yapitie ukiuliza, kwa kila mstari, ni nani anayeficha nini. "Umeshalala?" hauna siri. "Mwambie mama anampenda" unasema waziwazi kile ambacho msomaji angependa kukigundua mwenyewe. Uzito wote umejificha katika "Mbona jana kimya" na jibu lake, kwa sababu hapo mmoja ana shaka na mwingine anakwepa. Jibu la kukwepa, hata hivyo, ni jepesi mno likiandikwa. Ukubali mstari mmoja au miwili tu ibaki, na mingine uisimulie kwa sentensi moja: "Waliulizana habari za chakula, kama kila usiku."

Hatua hii isirukwe kwa kudhani kwamba utaandika toleo fupi moja kwa moja. Mistari uliyoikata ndiyo inayokupa mwendo wa ndoa hiyo, ukajua kwamba Mwanaidi humwita "mume wangu" anapotaka kufunga mazungumzo.

Hatua ya 3: Tafuta alama inayosema asilosema mhusika

Hapa ndipo simu inapokuwa na faida kuliko barua. Barua haikumwambia mtu kama imesomwa. WhatsApp humwambia: tiki moja maana yake ujumbe umetoka, tiki mbili umefika, na tangu mwishoni mwa 2014 tiki mbili za buluu maana yake umesomwa. Mtu anaweza kuzima tiki za buluu, na akizizima naye hazioni za wenzake. Lakini kuzima huko hakugusi ujumbe wa sauti. Aliyetuma sauti ataona alama ya maiki ikigeuka buluu pindi mwenzake anapoisikiliza, hata kama tiki za maandishi zimezimwa.

Jambo hili dogo linatosha kubeba sura nzima. Mwanaidi amezima tiki zake tangu alipoanza kazi, ili asiandamwe na lawama za "umesoma hujajibu". Salimu amekwisha kuzoea tiki za kijivu na hazimwambii lolote. Usiku huu mtoto anatuma sauti kwa mama yake. Sasa Salimu anayo njia ya kujua, na Mwanaidi huenda hajui kwamba anaonekana.

Nililolikataa katika mfano huu ni kumfanya Salimu aikague simu ya mkewe au akute picha ya mtu mwingine. Hila hiyo imetumika mno, tena inaufanya mtandao kuwa mlango wa fumanizi tu. Alama ya maiki inatupa kitu kigumu zaidi kukiandika: mtu anayejua kwamba amesikika, na hajui kwa nini hajibiwi.

Hatua ya 4: Rudisha mwili

Kioo huuondoa mwili, na kazi ya mwandishi ni kuurudisha kwa njia mbili. Ya kwanza ni mwili wa anayesubiri: mkono unaogeuza simu kifudifudi, kidole kinachofuta, jicho linalotazama kioo kikizimika. Maneno yaliyoandikwa yakafutwa kabla ya kutumwa yana thamani kubwa kwenye ukurasa, kwa kuwa msomaji huyaona na mpokeaji hayaoni. Hapo msomaji anakuwa karibu na Salimu kuliko mkewe alivyo.

Ya pili ni ujumbe wa sauti. Usinukuu maneno yake peke yake. Andika kilicho nyuma ya maneno: maji, mlango, feni, mtu mwingine anayeita. Andika na urefu wake, kwa kuwa msikilizaji huuona kabla ya kubonyeza, na sauti ya sekunde tatu huogopesha kuliko ya dakika mbili.

Hili ndilo toleo la pili la onyesho letu:

*Zai alisema na maiki kwa sekunde thelathini na nne, akaeleza habari za jino lililong'oka, kisha akalala kabla ya kupata jibu. Salimu aliulizia chakula kwa maandishi. Tiki mbili, za kijivu, kama siku zote.*

*Saa tano kasoro dakika ishirini maiki ikageuka buluu.*

*Akakaa. Juu ya kioo pakatokea kwamba Mwanaidi anaandika, pakatoweka, pakatokea tena. Salimu aliandika "Mbona jana kimya", akaisoma, akaifuta herufi kwa herufi mpaka kisanduku kikabaki kitupu. Aliandika "Jino nimeliweka kwenye kibiriti", akatuma.*

*Sauti ikaingia. Sekunde tatu. Akaisogeza simu sikioni ili asimwamshe mtoto. Maji yalikuwa yakimwagika kwa nguvu, kama ya bomba lililofunguliwa lote, na ndani ya maji hayo Mwanaidi akasema, "Usilitupe." Salimu akairudia mara ya pili kwa ajili ya maji.*

Linganisha na rasimu. Neno la mapenzi halimo, swali la "jana" halikutumwa, na bado tunajua zaidi. Bomba linaweza kuwa limefunguliwa ili tajiri asisikie sauti, au ili Salimu asisikie kilio. Msimulizi aliyebaki Tanga hana ruhusa ya kuchagua, na wewe usichague kwa niaba yake. Kama msomaji wako wa kwanza atakuuliza "alikuwa analia?", onyesho limefanya kazi. Akikuuliza "maji ya nini?", basi sauti ya maji imekaa mbali mno na hofu ya Salimu, na inabidi uisogeze.

Hatua ya 5: Saa, tahajia na umbo la ukurasa

Simu ya Salimu inaonyesha 22:40, naye moyoni anasema saa tano kasoro dakika ishirini. Chagua moja kwa msimulizi. Mimi huiacha namba ya kioo pale tu mhusika anapoisoma kama ushahidi. Dubai iko mbele kwa saa moja, kwa hiyo kwa Mwanaidi ni karibu saa sita usiku. Salimu anaijua hesabu hiyo bila kufikiri, na msomaji aione mara moja tu.

Kuhusu vifupisho vya vijana, "xaxa", "cjui" na mfano wake, mpe kila mhusika alama moja ya mkono wake na uishie hapo. Kwa mfano, Salimu aweke nukta mwisho wa kila ujumbe, Mwanaidi asiweke. Tofauti hiyo inatosha kumtambulisha msemaji bila kuandika jina lake pembeni, na haichakai baada ya miaka michache kama vifupisho vinavyochakaa. Vikatuni vya hisia visimulie kwa neno badala ya kuvichora, maana vingi hupotea au hubadilika sura kitabu kinapopangwa kwa ajili ya kuchapwa.

Hatua ya 6: Linganisha simu na mwaka wa hadithi

Hatua ya mwisho ni ya ukaguzi, na hufanywa baada ya rasimu kukamilika. Andika pembeni mwaka ambamo kila onyesho linatokea, kisha uhakikishe kwamba simu ya wakati huo iliweza kufanya unachodai. Ujumbe wa sauti uliingia WhatsApp mwaka 2013. Kufuta ujumbe kwa pande zote kuliingia mwaka 2017, na huacha maandishi yanayosema kwamba kuna ujumbe uliofutwa. Mhusika wa 2015 hawezi kuona kaburi hilo la maneno. Ujumbe unaojifuta wenyewe ulikuja mwaka 2020, na kuhariri ujumbe uliokwisha kutumwa kuliwezekana mwaka 2023, ndani ya dakika kumi na tano tu.

Ukikuta onyesho linategemea kitu ambacho hakikuwapo, usikimbilie kusogeza mwaka wa riwaya nzima. Tazama kwanza kilichokuwapo. Salimu wa 2012 asingekuwa na maiki ya buluu, bali angekuwa na bipu: simu inayoita mara moja na kukatwa, jina la mkewe kwenye kioo, na vocha isiyotosha kumpigia. Onyesho lingeandikwa upya kuanzia hatua ya tatu, na hatua mbili za kwanza zingebaki zilivyo.