Somo: Hotuba haina kosa, ila neno moja lina walakini

Rafiki yangu wa Wete aliniletea hotuba kwenye simu. Baba yao ameshatangulia mbele ya haki, na yeye ndiye kaka mkubwa, kwa hiyo siku ya kumtoa bi harusi ndiye atakayeshika maikrofoni kwa niaba ya nyumba. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Niangalizie makosa, keshokutwa ndiyo siku yenyewe." Nikasoma. Hotuba safi. Lakini katikati ilikuwamo sentensi hii:

"Shemegi, tunakushukuru kwa kumsitiri dada yetu."

Nitakuonyesheni nilivyomjibu, maana kazi hii humfika kila anayejulikana mtaani kwamba anajua kuandika.

Hatua ya kwanza: soma mara mbili, ya pili kwa sauti. Mara ya kwanza tafuta makosa ya sarufi tu. Katika hotuba za harusi kosa hujificha kwenye sentensi ndefu za shukrani, pale kitenzi kinapokaa mbali na jina lake. Yeye aliandika: "Shukrani zetu kwa wazee waliovuka bahari kutoka Unguja ziwafikie." Wengi wangeandika "wawafikie", kwa sababu neno lililo karibu ni wazee. Lakini kinachofika ni shukrani, basi ni "ziwafikie". Alipatia. Nikaangalia pia "dada yetu", asije akawa ameandika "dada wetu". Hapo napo palikuwa sawa.

Mara ya pili soma kama utakavyosikika. Hotuba haisomwi, inasikika, tena kwa spika, na wanawake waliomo ndani hawamwoni msemaji wala hawaoni uso wake. Wanachopata ni neno peke yake. Mimi nilipofika kwenye "kumsitiri" ulimi ulisita, na hicho ndicho kipimo changu.

Hatua ya pili: anza na jibu la alichouliza. Ameuliza makosa, mwambie kwanza hakuna makosa. Hili nalisema kwa uchungu. Mwaka mmoja nilimjibu mtu, "Kuna neno halijakaa vizuri, nitakupigia," kisha nikalala. Hakulala yeye. Usiku kucha aliandika hotuba upya, na ile mpya ndiyo iliyokuwa na makosa.

Hatua ya tatu: litaje neno, kisha useme nani atalisikiaje. Hapa ndipo penye kazi. Usiseme "neno hili si zuri", kwa sababu kusitiri ni neno zuri sana. Tunaomba Mungu atusitiri. Nguo inasitiri. Mtu akimuoa mwanamke akampa nyumba na heshima, tunasema kamsitiri, na hiyo ndiyo maana aliyoikusudia rafiki yangu.

Tatizo ni kwamba kinachositiriwa lazima kiwe kilikuwa wazi, au kina hatari ya kuwa wazi. Tunasitiri uchi, tunasitiri aibu, na maiti tukishamzika tunasema tumemsitiri. Sasa kaka mtu anasimama mbele ya wakwe na kumshukuru bwana harusi kwa kumsitiri dada yake. Bibi mmoja ndani atamgeukia mwenzake: "Kasitiriwa? Kwani kulikuwa na nini?" Swali hilo halijibiki kwa spika. Tena linamwangukia bi harusi peke yake, kwa sababu kitenzi kinakwenda upande mmoja: mume anasitiri, mke anasitiriwa.

Hatua ya nne: toa badala moja, kwa kuuliza. Ukitoa tano umempa mtihani. Badala bora ni ile inayobakisha alichokipenda. Katika neno hili dawa imo ndani ya sarufi yenyewe: tia -an-. Kusitiri likiwa kusitiriana, hakuna tena mwenye aibu na mwenye kufunika. Kila mmoja anamfunika mwenzake. Hata katika Qur'ani, Al-Baqara aya ya 187, mume na mke wametajwa kuwa ni nguo, huyu kwa yule na yule kwa huyu. Na badala ya kumshukuru kwa jambo lililokwisha, liwe dua kwa wote wawili.

Jibu nililompelekea ni hili, lote:

"Sahibu, nimeisoma mara mbili, haina kosa la sarufi hata moja. Ile sentensi ya wazee wa Unguja wengi wangeikosea. Ninalo swali la neno moja tu, 'kumsitiri'. Najua ulivyokusudia, ila nahofia waliomo ndani watalisikia kama kwamba dada alikuwa na la kufichwa. Waonaje ukisema: 'Shemegi, dada yetu huyo, tunakuombeeni msitiriane'? Ukiona lako linafaa, liache, wewe unawajua watu wako kuliko mimi."

Alijibu baada ya saa nzima: "Mama nimemsomea. Kasema bora hilo la pili." Nadhani mama naye alikuwa ameshalisikia lile la kwanza akanyamaza.

Maswali ya wanachama

*Swali (Chake Chake): Umeandika "tunakuombeeni". Mwalimu wangu alinifundisha "tunawaombea". Hilo si kosa?*

Si kosa. Kwetu Unguja na Pemba ku- ya mbele na -ni ya nyuma ndiyo namna ya kuwasemesha watu wengi: nakushukuruni, nakuombeni. Lina faida pia, kwa sababu "tunawaombea" laweza kuwa nyinyi au wale. Ila uwe na msimamo. Ukianza na "nakushukuruni", usimalize na "nawashukuru" kwa watu wale wale.

*Swali (Mjini, Unguja): Na mtu akiandika "bwana harusi kaja" badala ya "amekuja"?*

Kiunguja ndicho kilichochukuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu mwaka 1928, lakini "kaja" ilibaki nyumbani kwenye mazungumzo. Katika hotuba mimi huiacha kwenye kisa au mzaha, na kwenye salamu na shukrani nashauri "amekuja". Hilo sitaliita kosa katika jibu langu. Nitaliita chaguo.

*Swali (Mkoani): Mimi rafiki yangu kaandika "mahari aliyotulipa shemegi". Nimwambie nini?*

Mwambie upesi, maana hapo kuna maneno mawili. "Tu" inasema mmelipwa nyinyi, na mahari ni haki ya mke mwenyewe. Cha baba ni kilemba, cha mama ni mkaja, navyo ni vitu mbali. "Kulipa" nako kunanukia duka. Aandike "mahari aliyompa dada yetu". Sarufi ya mwanzo ilikuwa sawa kabisa, na ndiyo maana hakuna aliyeishtukia.

*Swali (Wete): Je, nikiona maneno manne nisiyoyapenda?*

Jiulize lipi litamgusa mtu jina lake. Hilo liseme. Mengine matatu huenda ni kwamba wewe ungeandika vingine, na hotuba si yako.

*Swali (Mkoani tena): Nimemwambia hilo la mahari, kasema keshazoea hivyo, habadilishi.*

Muombe aisome mbele ya bi harusi mwenyewe kabla ya siku. Usimweleze kwa nini.