Jinsi ya kurekodi video fupi ya mkoba unaouza ili mnunuzi ajue ukubwa wake halisi

Mdogo wangu anauza mikoba mtandaoni. Mwezi uliopita mteja mmoja alimrudishia mkoba wa turubai wenye vishikio vya ngozi, akaandika kwamba ameuziwa mkoba mdogo kuliko ule wa kwenye video. Mdogo wangu aliumia, kwa sababu hakudanganya. Futi ilionekana kabisa kwenye video. Tulikaa mchana mzima tukiirudia video ile mpaka tukagundua kosa, na ndiyo maana hatua ya kipimo hapa chini ni ndefu kuliko zote.

Nitautumia mkoba huohuo kama mfano. Upana wake ni sentimita 32, kimo 26, na kina (kutoka mbele hadi nyuma) 12. Video nzima isizidi sekunde 45.

Hatua ya 1: Mwanga na simu

Futa lenzi kwa kitambaa laini. Weka meza karibu na dirisha, mwanga uingie kwa ubavuni, kisha zima taa zote za chumbani. Mwanga wa dirisha una ubuluu na wa balbu nyingi una umanjano. Vikichanganyika, upande mmoja wa mkoba utakuwa na rangi moja na upande wa pili rangi nyingine, na ni vigumu sana kurekebisha hilo baadaye.

Taa ya duara siitumii kwa bidhaa. Inamulika kutoka mbele moja kwa moja, kwa hiyo inafuta vivuli vidogo vinavyoonyesha mfumo wa kitambaa, na turubai nzito inaonekana kama karatasi.

Rekodi kwa 1080p, fremu 30 kwa sekunde. Zima vichujio vyote vya urembo. Kama unatumia iPhone, ingia Settings, Camera, Record Video, uzime HDR Video, maana video ya namna hiyo ikichezwa kwenye baadhi ya simu nyingine rangi zake hupauka au hung'aa kupita kiasi. Simu ikae kwenye stendi. Mkono hauwezi kutulia kama stendi, hata uwe wa mzoefu.

Hatua ya 2: Mkoba mzima

Sekunde nne mbele, kisha ugeuze polepole ubavu na mgongo. Usiuzungushe kwa kasi.

Hatua ya 3: Kipimo

Kosa letu lilikuwa hili. Mdogo wangu aliibandika futi ukutani, akauegemeza mkoba kwenye ukuta uleule mbele ya futi, akaisogeza simu karibu ili mkoba ujaze skrini. Simu ilikuwa kama sentimita 50 kutoka uso wa mbele wa mkoba. Lakini mkoba una kina cha sentimita 12, kwa hiyo futi ilikuwa sentimita 62 kutoka kwenye simu. Kitu kilicho karibu na lenzi huonekana kikubwa kuliko kilicho mbali, na hapo ndipo hesabu ilipoharibika: 32 mara 62, gawa kwa 50, unapata karibu 40. Mtazamaji aliyefuata ncha za mkoba kwenye futi alisoma sentimita 40 kwa mkoba wa sentimita 32.

Mteja alikuwa amepima laptopu yake, upana wake sentimita 36. Akatazama video, akaona 40, akajua itaingia. Haikuingia. Hakukosea hata kidogo.

Ukiiweka futi mbele ya bidhaa, kosa linageuka: bidhaa itasomeka ndogo kuliko ilivyo. Mnunuzi aliyehitaji mkoba wa ukubwa huo atapita bila kuuliza, nawe hutajua kamwe kwamba ulimpoteza.

Kurudi nyuma kunapunguza kosa lakini hakuliondoi. Tulipoipeleka simu mita 2 nyuma na kuvuta picha kwa zumu ya 2x, futi ikiwa bado ukutani, mkoba ulisomeka kama sentimita 34. Ni afadhali, lakini bado si 32.

Dawa ni kuilaza futi juu ya uso uleule unaoupima. Kwa mkoba huu, tuliinyoosha futi kwenye uso wa mbele kutoka ukingo hadi ukingo, tukaishika kwa vibanio viwili vidogo vya nguo. Halafu tukafuata mambo haya:

- Simu iwe umbali wa mita 1.5 hadi 2, zumu 2x. Usitumie lenzi ya 0.5x hata kama nafasi ni finyu. Lenzi hiyo inavuta vitu vilivyo pembeni mwa fremu, na mkoba unaonekana umenenepa upande mmoja.
- Lenzi iwe usawa wa katikati ya mkoba, si juu yake. Ukirekodi kutoka juu, sehemu ya chini inaonekana nyembamba na kimo kinafupika.
- Mkoba ukae katikati ya fremu, na kuzunguka pande zote kubaki nafasi.
- Shikilia picha ya kila kipimo sekunde tatu kamili. Sekunde moja haitoshi mtu kusoma namba.

Napendelea futi nyeupe ya fundi cherehani yenye namba nyeusi. Ile ya chuma ya njano inang'aa na namba zinapotea. Na anza kwenye sifuri: futi nyingi za cherehani zina kipande cha bati mwanzoni, na futi ya zamani huwa imevutika, kwa hiyo ilinganishe kwanza na rula ngumu.

Mkoba laini una shida nyingine. Ukiujaza magazeti ili usimame vizuri, uso wa mbele unatuna na futi inafuata mtuno huo, hivyo namba utakayosoma si ya kuaminika. Upime ukiwa mtupu na umelazwa, kisha useme hivyo kwa sauti: "Umelazwa, mtupu, upana 32." Kama mdomo wa mkoba ni mpana kuliko kitako, pima vyote viwili. Kina tulikipima kwa kuugeuza mkoba na kuilaza futi kwenye kitako.

Baada ya futi, weka kitu ambacho kila mtu anakijua. Mimi naamini karatasi ya A4, kwa sababu ni sentimita 21 kwa 29.7 popote duniani. Viganja vya watu havilingani, na chupa zina maumbo mengi. Mdogo wangu aliitia A4 kwa kuilaza upana: ikazama yote. Kisha akaisimamisha: ikachomoza karibu sentimita nne juu ya mdomo. Picha hiyo ya sekunde tano inajibu maswali mengi kuliko namba tatu. Wengine hutumia kadi ya benki, nayo ni kipimo kizuri, milimita 85.6 kwa 54, ila usiweke kadi yako kwenye video ya watu wote hata ukidhani namba hazisomeki.

Jambo la mwisho kuhusu laptopu. Ukitaja "inchi 15.6", hicho ni kipimo cha skrini kutoka pembe hadi pembe, si upana wa mashine. Taja upana wa ndani wa mkoba kwa sentimita, mnunuzi apime laptopu yake mwenyewe.

Hatua ya 4: Kitambaa na ngozi

Sogea hadi kama sentimita 20. Ukisogea zaidi, baadhi ya simu hushindwa kulenga, na nyingine huhama zenyewe kwenda lenzi nyingine, rangi ikabadilika katikati ya picha. Ni afadhali kubaki nyuma kidogo na kutumia 2x. Gusa skrini kwenye kitambaa na ushikilie kidole mpaka simu ifunge ulengaji na mwanga. Kwenye iPhone utaona AE/AF LOCK. Usipofunga, mkono wako utakapopita mbele simu itabadilisha mwanga, na rangi ya mkoba itaonekana imebadilika.

Weka karatasi nyeupe kando ya kitambaa. Kama karatasi inaonekana ya njano kwenye skrini, basi na turubai yako ina umanjano usio wake, na mtazamaji ataliona hilo mwenyewe.

Halafu gusa. Pitisha kidole, kunja kitambaa na ukiachie, vuta mshono kidogo. Kukunja ndiko kunakoonyesha unene. Kwenye vishikio onyesha ukingo uliokatwa: ngozi huonyesha nyuzinyuzi zilizosongamana, ngozi ya bandia mara nyingi huonyesha tabaka jembamba la plastiki juu ya kitambaa. Lakini ukingo peke yake hautoi hukumu, kwa kuwa kuna ngozi halisi iliyopakwa plastiki juu, na kingo nyingi hupakwa rangi. Usiseme "ngozi halisi" kama hujaambiwa na aliyeshona. Sema unachokijua, uonyeshe ukingo na upande wa ndani.

Hatua ya 5: Matumizi

Hapa usikate. Tangu mkono unapochukua kitu cha kwanza hadi mkoba unapokuwa begani, iwe ni rekodi moja. Ukikata katikati, mtazamaji hajui kama zipu ilifungika au ulitoa kitu kwanza.

Tulitia chupa mbili za maji za lita 1.5, maana zinatoa kama kilo 3 bila kuhitaji mizani, tukafunga zipu, tukauinua kwa vishikio na kuuacha uning'inie sekunde tano huku kamera ikiangalia pale kishikio kinaposhonwa na turubai. Kisha aliuvaa begani na kutaja urefu wake mwenyewe. Bila urefu wa mvaaji, mtu hajui mkoba utamfikia kiunoni au pajani. Usiweke muziki. Sauti ya zipu inasema kama inateleza au inakwama.

Hatua ya 6: Kasoro

Zipu ya mkoba huu inakwama kidogo ikifika kwenye kona. Mdogo wangu alitaka kuiruka. Nilimwambia airekodi kwa karibu, aivute mara mbili, aseme "hapa inakaza". Mteja atakutana nayo siku ya kwanza.

Hatua ya 7: Kukata na kujaribu

Kata mwanzo na mwisho tu. Andika vipimo vitatu juu ya picha, kwani wengi hutazama bila sauti. Ukiituma video kwa WhatsApp kwenda simu nyingine, itume kama Document, la sivyo itabanwa na namba za futi zitafifia.

Kisha mpe mtu ambaye hajauona mkoba, atazame mara moja bila sauti, na umwambie akuonyeshe upana wake kwa mikono miwili. Pima nafasi kati ya viganja vyake. Jirani yetu alipoangalia video ya kwanza, bila kuambiwa lolote, alitanua mikono sentimita 41. Kwa video mpya alitanua 33. Hiyo ndiyo tuliyoipandisha.