Somo: Wakala kavuka mipaka aliyowekewa, nani anamlipa muuzaji?

Kila msimu wa mitihani naulizwa: "Kama bosi alimkataza wakala, anadaiwaje?" Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamrushia uzi huu.

Tuchukue swali hili. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo kamwambia meneja wake, wakiwa wawili tu: usikope mzigo unaozidi milioni 5. Meneja kaenda kwa msambazaji wa saruji anayeuziana na duka hilo siku zote, kakopa wa milioni 12. Bosi kagoma kulipa.

Hatua ya 1. Taja wahusika: bosi ndiye mkuu, meneja ni wakala, msambazaji ni mtu wa tatu.

Hatua ya 2. Je, wakala alikuwa na mamlaka halisi, yaani aliyopewa kwa maneno au yanayotokana na kazi yenyewe? Kwa milioni 12 hana, alishakatazwa. Andika hivyo, songa mbele.

Hatua ya 3. Mamlaka ya mwonekano. Hapa ndipo maksi zinapomwagika, kwa sababu watu wanamtazama wakala badala ya kumtazama bosi. Swali ni moja: BOSI alifanya nini hadi msambazaji akaamini meneja anaruhusiwa? Inaweza kuwa maneno, cheo alichompa, au ukimya wake huku akilipa ankara za nyuma. Kisha onyesha kwamba msambazaji aliuza kwa kutegemea hilo.

Kesi ya kushika ni Freeman & Lockyer v Buckhurst Park Properties, ya Uingereza, 1964. Mkurugenzi mmoja, Kapoor, alijiendesha kama mkurugenzi mtendaji bila kuteuliwa rasmi, bodi ikijua na kunyamaza. Aliwapa kazi wasanifu majengo, na kampuni ikaamriwa kuwalipa. Kilichoifunga kampuni ni kule bodi kumwachia nafasi hiyo mbele za watu.

ONYO: usiandike "meneja alimwambia msambazaji kuwa anaruhusiwa, hivyo bosi anafungwa." Wakala hajipi mamlaka kwa mdomo wake mwenyewe. Kesi ya Armagas v Mundogas, 1986, ilikwama hapo hapo.

ONYO la pili: cheo kinabeba mambo ya kawaida ya cheo hicho tu. Meneja wa duka kununua saruji ni kawaida. Akiuza kiwanja cha bosi, cheo hakimsaidii mnunuzi.

Hatua ya 4. Msambazaji alijua katazo? Kama alijua, au mazingira yalimtaka aulize akafumba macho, anapoteza. Kwetu hakujua, basi bosi analipa zote 12.

Hatua ya 5. Usimwache meneja. Alikaidi maagizo, hivyo bosi anaweza kumdai hasara iliyotokana na ukaidi huo. Hilo ni kati yao wawili, msambazaji halimhusu.

MASWALI

— Mkuu, kwa hiyo bosi analipa milioni 5 tu, hiyo 7 ya juu meneja?
Rudia hatua ya 4. Nimeandika "zote".

— Nipe jibu fupi nikariri, mtihani kesho.
Mtunga swali akibadilisha jambo moja tu, hilo jibu fupi litakuangusha. Soma hatua ya 3.

— Shikamoo mwalimu. Je, kama meneja alishafukuzwa kazi wiki moja kabla, ila msambazaji hakuambiwa?
Marahaba. Swali zuri hili. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kukoma kwa uwakala hakumgusi mtu wa tatu mpaka apate habari. Ongeza Summers v Solomon, 1857: sonara alikuwa akilipia vito vilivyoagizwa na mpwa wake aliyemwendeshea duka. Mpwa kaacha kazi, kaagiza tena, katoroka na mzigo. Sonara alilipa. Ndiyo maana wafanyabiashara huwaandikia wateja wao barua mtu akiondoka.

— Na kama bosi alikataa kwanza, halafu akaipokea ile saruji na kuiuza?
Hapo kairidhia kwa matendo, ilimradi alijua mambo yote muhimu ya mkataba. Akiridhia, ni kama aliruhusu tangu siku ya kwanza. Na hawezi kuridhia nusu, achukue mifuko anayoitaka na kukataa mingine.

— Sisi tumefundishwa Watteau v Fenwick. Mbona umeiruka?
Kwa makusudi. Kule muuzaji wa sigara alidhani meneja ndiye mwenye baa, jina lake lilikuwa juu ya mlango. Hakumjua mkuu yeyote, basi mwonekano gani ungetoka kwa mkuu? Hata hivyo mkuu alilipa. Imekosolewa sana. Itumie pale tu swali linaposema mkuu hakujulikana, na utaje kwamba inabishaniwa.

— Majina ya kesi tunayapigia mstari?
Ndiyo, kama unaandika kwa mkono. Mwaka ukiusahau, usibuni.