Jinsi ya kuomba kibali cha kufuta maombi yaliyokwama mfumoni

Ukifanya kazi kwenye kampuni ya klaringi hapa Mombasa, maombi ya wateja wapya yaliyokwama unayajua. Mtu kaleta nakala ya kitambulisho, cheti cha PIN kasema ataleta kesho, na hiyo kesho haijafika. Kifungu cha 39 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hakiruhusu kukaa na taarifa za mtu kupita muda unaohitajika. Idadi ya siku sheria haikuitaja, kampuni inajipangia. Muda niliopitishiwa mimi ni siku 90 za kungoja, siku 14 za mapitio, kisha yanafutwa moja kwa moja.

Fomu ya kuomba kibali haina shida. Jaza idara, aina ya maombi na muda wa kuhifadhi, uipeleke. Mahali pa kutulia ni pale inapouliza muda unahesabiwa kuanzia lini. Wengi huandika “tarehe ya kupokelewa” na kuendelea. Chukua ombi lililoingia tarehe 4 Machi: siku 90 zinaishia tarehe 2 Juni. Lakini mteja huyo huyo alirudi tarehe 20 Mei na cheti kipya. Kwa hesabu ya kupokelewa, ombi lake linaingia kwenye orodha ya kufutwa wiki mbili tu baada ya kuja kaunta. Kwa hesabu ya badiliko la mwisho, anabaki hadi tarehe 18 Agosti. Andika “badiliko la mwisho lililofanywa na mteja au karani”, na usiache hayo maneno ya mwisho. Mfumo ukituma ujumbe wa kumkumbusha mteja kila mwezi, nao huhesabu kwamba umeligusa ombi, basi ombi halizeeki milele.

Sasa orodha ya mapitio, ambayo ndiyo iliyonikalisha kwenye benchi. Mfumo ulitoa orodha ya namba tupu, kurasa na kurasa, ikataka saini za wakuu wa idara tatu. Mkuu wa kwanza alisaini bila kufungua ukurasa wa pili. Wa pili alisema hasaini asichokielewa, na ana haki. Wa tatu yuko likizo, na karani wake ananiambia “subiri, bwana, atarudi” kana kwamba zile siku 14 nazo zimekwenda likizo. Kwa hiyo kabla hujaipeleka, dai kila mstari uwe na jina la mteja, aliyeligusa mwisho na lini, na kinachokosekana. Mpe kila mkuu mistari ya idara yake pekee. Kisha kwenye fomu ya kibali iandikwe nani anasaini mkuu asipokuwepo, na mkuu akinyamaza maana yake nini. Mimi nashikilia kwamba kimya kisiwe ruhusa: kisichosainiwa kingoje orodha ijayo.

Mkuu akisoma kweli, atafute vitu viwili. Kwanza, ombi lenye mzozo au malalamiko, ambalo huwekewa zuio. Pili, ombi ambalo mteja alishalipia amana. Hilo lina risiti, na kumbukumbu za kodi huwekwa miaka 5, kwa hiyo risiti ihamishiwe uhasibu kwanza.

Siku ya kufuta, usikubali mfumo ufute kwa orodha iliyochapishwa wiki mbili nyuma. Lazima mfumo uangalie upya kila ombi, maana ndani ya siku 14 mteja anaweza kurudi. Waombe watu wa kompyuta wakuonyeshe amri yenyewe. Iwe na umbo hili:

```sql
DELETE FROM maombi
WHERE hali = 'mapitio'
  AND imesainiwa IS TRUE
  AND tarehe_orodha < now() - interval '14 days'
  AND badiliko_mwisho <= tarehe_orodha
  AND zuio IS NOT TRUE;
```

Mstari wa `badiliko_mwisho` ndio unaomwokoa aliyerudi. Wa mwisho usibadilishwe kuwa `zuio = false`: pale ambapo karani hakujaza kitu, ombi halitaguswa, na utabaki kushangaa kwa nini mengine hayafutiki.

Amri hiyo inafuta mistari tu. Zile skani za vitambulisho hukaa kwenye folda nyingine, na usipoziulizia zitabaki hapo. Fungua folda, tafuta namba ya ombi moja lililofutwa, uone kwa macho yako. Bekapu nazo bado zinayo yote hadi zipitwe na muda wake. Hifadhi namba za maombi yaliyofutwa, namba pekee bila majina, ili mfumo ukianguka na bekapu ikarudishwa, yafutwe tena kabla karani wa kaunta hajaanza kuwapigia simu wenyewe.