Kabla hujamwagia seli dawa ya kuzima BRAF, cheki haya kwanza

Mara ya kwanza kufanya hili jaribio niliandaa sahani mbili, moja ina A375 ambazo ni seli za melanoma, nyingine HT29 za saratani ya utumbo mpana, zote zina mutesheni ileile ya V600E kwenye BRAF, moja ya protini za RAF zinazopeleka ishara ya seli kugawanyika, nikazipa vemurafenibu, dawa ya kuizima BRAF hiyo, mikromola 1 nikaenda zangu kulala. Kesho yake nikapima ERK yenye fosfeti, yaani protini ya mwisho wa mnyororo ikiwa imewaka, mstari mnene maana yake imewaka sana. A375 mstari hafifu kabisa kama nilivotarajia, HT29 mstari umerudi mnene kama vile hakuna aliyeweka dawa. Nikajua tu nimechanganya chupa. Kumbe sikuchanganya chochote, shida ni kwamba nilianza bila kujiuliza RAS, swichi inayowasha RAF, iko katika hali gani kwenye kila seli, na hapo ndo mambo yote yanapoamuliwa.

So kabla ya dawa, uelewe mnyororo unavyowaka na hasa unavyojizima. EGF, ishara ya ukuaji, ikishika kipokezi chake EGFR kwa nje, vipokezi viwili vinashikana, mikia yao ya ndani inapachikana fosfeti kwenye tairosini, GRB2 inazidaka hizo tairosini ikiwa imembeba SOS, SOS inailegeza RAS iachie GDP ili GTP iingie, na RAS ikishakuwa na GTP imewaka. Hapo inazivuta RAF kwenye utando na kuzifanya zishikane mbilimbili, RAF inampa fosfeti MEK, MEK anaipa ERK fosfeti mbili (threonini 202 na tairosini 204), ERK inaingia kwenye kiini kuamsha jeni za kugawanyika. Hii ndo picha ambayo kila mtu anaijua. Inayosahaulika ni kwamba ERK ikishawaka inageuka nyuma kuwabana waliomuwasha: inapachika fosfeti SOS na RAF ili zilegee, inawasha jeni za DUSP6 ambayo inamvua ERK fosfeti zake, na za Sprauti ambayo inabana huku juu karibu na kipokezi. Kwenye seli nzima ukiweka EGF wimbi linapanda ndani ya dakika chache tu afu linashuka lenyewe.

Sasa mutesheni zinakwamisha swichi sehemu tofauti, na usizichukulie kama kitu kimoja. RAS kawaida inazimwa kwa kuivunja GTP yake, ila yenyewe ni mvivu sana wa kuvunja, inasaidiwa na protini zinazoitwa GAP ambazo zinaingiza kidole cha ajinini kwenye shimo la GTP. Glaisini namba 12 ikibadilika kuwa kitu kinene zaidi, hata asidi amino ndogo tu, kile kidole hakikai vizuri, GTP haivunjwi, RAS inabaki imewaka hata kama nje hakuna EGF. BRAF V600E ni habari nyingine. Iliripotiwa kwenye saratani mwaka 2002, valini namba 600 imekuwa glutameti yenye chaji hasi, kinasi yake, sehemu inayopachika fosfeti, inakaa mkao wa kazi muda wote, na inafanya kazi peke yake bila kushikana na mwenzake na bila kusubiri RAS.

Hapo kwenye "peke yake" ndo pa kukaa kidogo. Kwenye seli ya V600E ERK imewaka mno, kwa hiyo ile breki ya nyuma nayo imekanyagwa mpaka mwisho, matokeo yake RAS yenyewe iko karibu imezimika. RAS ikiwa chini RAF hazishikani, zinabaki mojamoja, na vemurafenibu inajua kuizima RAF iliyo peke yake. Ndo maana kwa wagonjwa wa melanoma yenye V600 karibu nusu uvimbe ulipungua kwenye utafiti mkubwa wa ile dawa, wakati kwa saratani ya utumbo mpana yenye mutesheni hiyohiyo alikuwa mgonjwa 1 kati ya 21.

Kwa nini? Ukiizima BRAF, ERK inashuka, breki inaachiwa, na swali linakuwa nani yuko juu anasubiri. Seli nyingi za melanoma zina EGFR kidogo sana, za utumbo zinayo kibao. Breki ikiachiwa EGFR inaamka, RAS inajaa GTP, RAF zinaanza kushikana mbilimbili, na kwenye jozi dawa ikimshika mmoja yule mwingine anakuwa mgumu kushikwa na anaendelea na kazi. ERK inarudi. Zile HT29 zangu zilizima kweli, ila masaa ya mwanzo tu, mi nimekuja kuangalia baada ya masaa 24 sherehe imesharudi.

Kwa hiyo kabla hujaanza, pima EGFR kwenye seli zako, na panga muda: saa 1, masaa 6, masaa 24, ukiweza 48. Pointi moja tu itakudanganya, ukisoma saa 1 pekee utasema dawa inafanya kazi safi, ukisoma 24 pekee utasema haikuingia kabisa, na vyote ni uongo. Weka sahani ya DMSO bila dawa kwa kila muda, siyo moja kwa wote, maana siramu mpya peke yake inapandisha ERK. Na ukivuna fanya kwenye barafu, kwenye bafa weka sodiamu othovanadeti na floraidi, bila hivyo fosfatesi zinavua fosfeti wakati wewe bado unakwangua na utashangilia dawa ambayo haijafanya chochote. Pima na ERK yote pia, siyo ile yenye fosfeti tu.

Kingine, soma ripoti ya jeni vizuri kabla ya kuandika "BRAF+". V600E siyo sawa na mutesheni nyingine za BRAF, kuna zinazofanya kazi zikiwa jozi na kuna ambazo kinasi yake imekufa kabisa lakini bado inamuamsha mwenzake kupitia RAS, hizo vemurafenibu haizigusi inavyotakiwa. Na kama RAS ndo yenye mutesheni huku BRAF ni nzima, dawa hii inawasha badala ya kuzima: inamshika mmoja kwenye jozi, mwenzake anachangamka, ERK inapanda. Siyo mambo ya sahani tu haya, wagonjwa waliotumia vemurafenibu wengine waliota vivimbe vya saratani nyingine ya ngozi, ya skwamasi, na vingi vilikutwa na RAS yenye mutesheni ambayo ilikuwepo kimya kabla dawa haijaichokoza.

Jaribio nililirudia nikaongeza setuksimabu, kingamwili inayoziba EGFR kwa nje. HT29 zile zile, dozi ile ile ya vemurafenibu, safari hii masaa 24 mstari ukabaki chini. Hospitalini wazo hilohilo lilipita mwaka 2020 Marekani ilipoidhinisha enkorafenibu pamoja na setuksimabu kwa saratani ya utumbo mpana yenye V600E iliyosambaa na iliyoshatibiwa kabla. Ila hata hapo KRAS, aina mojawapo ya RAS, icheki kwanza, maana kama RAS imekwama kwenye GTP kuziba EGFR hakuna kinachobadilika huku chini.