Meneja wa kampuni ya familia anapoondoka: ya kuweka sawa kabla ya kuchagua mtu wa ndani au wa nje

Tuchukue kampuni ya mfano hapa Lubumbashi. Inauza saruji, mabati, nondo na rangi, na ina depo mbili, moja mjini na nyingine Likasi. Baba aliyeianzisha amefariki. Hisa ziko hivi: mama ana 40 kwa mia, na watoto watatu wana 20 kila mmoja. Mzee aliyekuwa meneja tangu enzi za baba ametoa taarifa kwamba atapumzika mwishoni mwa mwaka. Nyumbani mjadala umekwisha kuwaka: tumpandishe wa kwetu, au tutafute mtu kutoka nje?

Swali hilo limekuja mapema mno. Kabla ya kuuliza nani, familia ijue kwanza ni nini hasa kinachoondoka na mzee. Kichwa cha kazi kinasema meneja mkuu, lakini kazi yenyewe haiko kwenye karatasi yoyote. Kaa naye siku kadhaa na daftari, umuulize mambo ya wiki ya kawaida: Jumatatu ulimpigia nani, ulikubali deni la nani, ulikataa la nani na kwa nini, lori lilipokwama Kasumbalesa ulizungumza na nani. Usimuulize majukumu yake, maana atakutajia yale yale yaliyoandikwa kwenye mkataba. Muulize aliyoyafanya.

Kwa kawaida daftari hilo huonyesha mambo ambayo hakuna aliyeyafikiria. Katika kampuni yetu tuseme yamejitokeza matatu. La kwanza, wateja wakubwa wa mkopo, yaani wajenzi na wenye maduka ya vitongojini, bei na muda wao wa kulipa viko kichwani mwa mzee na kwenye simu yake, hakuna mkataba. La pili, laini inayopokea pesa za wateja kwa M-Pesa na Airtel Money imesajiliwa kwa jina lake mwenyewe, si la kampuni. La tatu, muuzaji wa Zambia hutuma mabati kabla ya kulipwa kwa sababu anamwamini yeye. Laini hubadilishwa kwa siku chache, na bei zinaweza kuandikwa kwa wiki mbili. Imani ya muuzaji haihamishwi kwa barua. Mtu mpya lazima aonekane naye ana kwa ana, mara kadhaa, mzee akiwa bado kazini.

Hapo ndipo mizani ya ndani na nje inapoanza kuwa na maana. Ukiona kwamba sehemu kubwa ya thamani ya mzee ni watu wanaomwamini na mambo yasiyoandikwa, mtu wa ndani anaanza mbele sana. Ukiona kwamba shida ya kampuni ni hesabu zisizofungwa, akiba ya mali isiyolingana na vitabu, au zabuni za migodi zinazokataliwa kwa nyaraka mbovu, basi unachohitaji huenda hakipo ndani, na kumpandisha mtu aliyekulia katika mazoea hayo ni kuyaendeleza.

Kabla ya kutangaza chochote, familia imalize mambo yake yenyewe, na hili lifanyike mezani, watoto wote wakiwepo. Kongo imo katika OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za biashara za pamoja, tangu Septemba 2012, na sheria ya makampuni ya umoja huo inasema wazi: katika kampuni ya SARL, yaani ile ambayo mwenye hisa habebi hasara zaidi ya alichoweka, meneja anaweza kuwa mwenye hisa au mtu asiye na hisa yoyote, na huteuliwa na wenye zaidi ya nusu ya hisa. Sasa tazama mgawanyo wetu. Mama peke yake hafiki; anahitaji angalau mtoto mmoja. Watoto wote watatu wakiungana wana 60, na wanaweza kumshinda mama. Meneja akiteuliwa kwa kura ya mama na mtoto mmoja huku wawili wamenuna, huyo ameanza kazi na maadui wawili wenye haki ya kuona vitabu. Afadhali uteuzi uchelewe mwezi mmoja.

Someni pia katiba ya kampuni. Ikiwa haitaji muda wa meneja, sheria humpa miaka minne, na anaweza kuteuliwa tena. Kumwondoa kunahitaji vilevile zaidi ya nusu ya hisa, na akiondolewa bila sababu ya haki anaweza kudai fidia. Kwa hiyo kumpa mkwe cheo cha meneja ili kutuliza kelele nyumbani si jambo dogo.

Kuna jambo jingine ambalo familia nyingi hulielewa vibaya. Wanaandika kwenye katiba kwamba meneja hawezi kusaini deni la zaidi ya, tuseme, dola 5,000 bila idhini, kisha wanalala usingizi. Mpaka huo unawabana ninyi kwa ninyi. Muuzaji wa nje aliyefanya biashara na meneja kwa nia njema hafungwi nao, na kampuni italazimika kulipa. Kinga ya kweli iko mahali pengine: sahihi mbili benki, ya meneja na ya mwenye hisa mmoja, pamoja na barua kwa wauzaji wakubwa wanaokopesha, inayosema oda kubwa inahitaji sahihi hizo mbili. Hili liwe tayari kabla meneja mpya hajaingia, awe wa ndani au wa nje. Likiwekwa baada yake, atalisoma kama tuhuma.

Sasa watu wenyewe. Ndani tuna wawili. Kuna mama mmoja mfanyakazi, si mama mwenye hisa, anayesimamia depo ya Likasi, yuko kampuni miaka mingi, na kuna mtoto wa kiume wa pili, ana shahada ya usimamizi na miaka mitatu katika mauzo. Nje kuna bwana aliyekuwa mnunuzi katika kampuni inayohudumia migodi ya Kolwezi.

Kosa la kawaida kwa wa ndani ni kumpandisha kwa sababu anafanya vizuri kazi aliyo nayo. Kuuza sana si kuongoza wauzaji. Njia nzuri ya kupima ni kuwapa kazi yenyewe kwa muda. Mzee aende likizo ya mwezi mzima, simu yake ibaki kwake na asiwasaidie, na mama wa Likasi akae kitini. Kisha tazama mambo matatu tu. Je, madeni yaliyopita muda yamepungua au yameongezeka? Je, aliwahi kumkatalia mkopo mteja anayemfahamu? Na hesabu ya mwisho wa mwezi, je, mifuko ya saruji iliyomo depo inalingana na vitabu? Mfuko mmoja mmoja huchanika, hilo linajulikana. Lakini pengo linalokua kila wiki lina mwenyewe. Mwezi mwingine apewe kijana. Wote wawili waambiwe mapema kwamba wanapimwa na kwa vipimo gani.

Msisahau shimo la pili. Mama wa Likasi akipanda, nani anabaki Likasi? Mara nyingi familia huhesabu kwamba wa ndani ni wa bei nafuu, kisha depo aliyoiacha inayumba miezi sita na kula faida yote. Jina la mrithi wake liandikwe kwenye karatasi ile ile inayoandikwa jina lake.

Kwa wa nje, mvuto wake ni kwamba hajui mazoea yenu. Gharama yake pia ni hiyo hiyo. Utafiti wa Matthew Bidwell wa mwaka 2011, uliotumia kumbukumbu za benki moja ya Marekani, ulikuta kwamba walioajiriwa kutoka nje walilipwa takriban 18 hadi 20 kwa mia zaidi ya waliopandishwa kutoka ndani katika kazi zinazofanana, na bado walipimwa chini katika miaka miwili ya kwanza. Benki ile si depo ya saruji, lakini sababu inafika hapa: sehemu ya ustadi wa mtu iko katika watu aliowazoea na utaratibu aliouzoea, na vyote viwili hubaki kwa mwajiri wa zamani.

Mkiamua kumchukua bwana wa Kolwezi, msimpe umeneja wa kisheria siku ya kwanza. Mwajirini kwanza kama mkurugenzi wa shughuli, kwa mkataba wa kazi wenye kipindi cha majaribio kilichoandikwa. Sheria ya kazi ya Kongo inaruhusu hadi miezi sita kwa mfanyakazi wa daraja lake. Mzee abaki meneja kwenye karatasi muda huo. Akifaulu, wenye hisa wakae wamteue, na badiliko liandikishwe RCCM, daftari rasmi la biashara, ndani ya siku thelathini. Katika usaili, achaneni na maswali ya kumjua tabia yake. Mpeni orodha ya kweli ya madeni ya wateja, mkifuta majina, na saa moja; aseme nani apigiwe simu kwanza, nani asimamishiwe mali, na kwa nini. Swali hilo hilo apewe kila anayewania, pamoja na mama wa Likasi na kijana, na majibu yapewe alama na watu wawili kabla hawajazungumza.

Kwa kampuni hii, kwa jinsi nilivyoieleza, mimi ningempa mama wa Likasi umeneja, kijana aende Likasi akashike depo yake mwenyewe, na pesa ambayo ingemleta mkurugenzi wa nje imlete mhasibu wa nje aliyezoea kuandaa nyaraka za zabuni. Deni na imani ya wateja ndizo zinazobeba kampuni, na hizo anazo. Vitabu ndivyo vinavyovuja, na ujuzi huo hununuliwa. Kijana naye anapata mahali ambapo akikosea inaonekana, akifaulu inaonekana pia, bila jina la familia kumficha. Lakini kama mwezi wa majaribio ungeonyesha pengo la mifuko upande wa Likasi, ningegeuka mara moja na kwenda nje.

Makabidhiano yawe miezi mitatu. Mwezi wa kwanza meneja mpya anamfuata mzee kila aendako, mpaka kwa muuzaji wa Zambia. Wa pili, mpya anaamua na mzee anasikiliza. Wa tatu, mzee anakuja siku mbili kwa wiki, na tarehe ya kufutwa sahihi yake benki imeandikwa na anaijua. Dalili ya mambo kwenda kombo ni rahisi kuiona: komi na madereva bado wanampigia mzee kuomba ruhusa, au mama mwenye kampuni anampangia bei mteja pembeni, akisema ni ndugu. La kwanza mzee mwenyewe anaweza kulikata kwa kujibu kila simu, "Muulize meneja." La pili watoto ndio wenye jukumu la kumwambia mama yao, kwa adabu na faraghani, katika wiki ile ile lilipotokea.

Na kwa kuwa mzee anaweza kuugua kesho kabla ya hayo yote, leo hii bahasha moja iwekwe kwa mama mwenye kampuni: nani anashika kiti kwa siku tisini, nani wa pili kusaini benki, namba ya wakala wa forodha wa Kasumbalesa, na orodha ya wateja wa mkopo pamoja na bei zao. Irekebishwe kila baada ya miezi mitatu, siku ya kuhesabu mali.