Kutoka "bei gani?" hadi chumba kulipiwa: ninavyomfundisha mhudumu mpya wa mapokezi

Nilikaa mapokezi miaka mingi kabla ya kuanza kufundisha, na sasa nasimamia nyumba ya wageni ya vyumba 14 hapa Bagamoyo. Wageni wetu wengi hutoka Dar es Salaam, kilomita kama 70. Huja kupumzika wikiendi, kuhudhuria harusi, au kuwaonyesha watoto magofu ya Kaole. Karibu wote huanza na swali lilelile: "Habari, vyumba bei gani?" Wakishajibiwa, wengi hatuwasikii tena. Hapa naeleza jinsi ninavyomfundisha mhudumu kulishika swali hilo mpaka mteja alipie. Bei nilizoandika ni za mfano, weka za kwako.

Hatua ya 1: Wiki nzima ni kuandika tu

Mhudumu mpya simsahihishi kitu wiki ya kwanza. Nampa daftari la mistari lenye safu tano: mteja aliuliza saa ngapi, kwa simu au meseji, alitaka nini, alijibiwa saa ngapi, na iliishaje. Safu ya mwisho ina majibu matatu tu: amelipa, amekataa (na sababu aliyoitaja), au kimya. Simu iliyoita bila kupokelewa nayo inaandikwa.

Mwisho wa wiki tunakaa chini tunalisoma pamoja. Kwetu sisi daftari lilionyesha kwamba meseji nyingi zinaingia kati ya saa mbili na saa nne usiku, watu wakishatoka kazini na kula, na zilikuwa zikijibiwa asubuhi. Hapo hakuna mafunzo yatakayosaidia. Ilibidi tupange nani anashika simu ya ofisi usiku, basi. Ndiyo maana naanza na daftari: huenda unataka kumfundisha mtu adabu ya simu kumbe tatizo ni zamu.

Hatua ya 2: Karatasi moja ya bei, na mipaka ya madaraka

Mhudumu akitaja bei kwa kukumbuka, siku moja atataja ya mwaka jana. Andika ukurasa mmoja, uufunge kwenye plastiki, ukae pale simu inapokaa. Wetu unasema hivi: chumba cha watu wawili shilingi 85,000 kwa usiku, chumba cha familia cha watu wanne 140,000, kitanda cha ziada 25,000. Bei ni ya chumba, siyo ya kichwa, na kifungua kinywa kimo. Mtoto chini ya miaka mitano akilala na wazazi halipiwi. Kuingia ni kuanzia saa nane mchana, kutoka ni saa nne asubuhi.

Chini ya karatasi hiyohiyo andika anachoruhusiwa kupunguza bila kukupigia. Kwetu Ijumaa na Jumamosi hapunguzi chochote. Jumapili hadi Alhamisi, mteja akilala usiku tatu au zaidi, anaweza kumtolea asilimia 10. Usipoweka mpaka huo atabaki kusema "ngoja nimuulize bosi", na mteja akingoja bosi anakuwa ameshapiga simu kwingine.

Hatua ya 3: Maswali mawili, kisha jumla

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi. Chukua mteja aliyeandika Jumatano usiku: "Habari za leo, vyumba bei gani?" Mhudumu ambaye hajafundishwa anajibu: "85,000." Jibu ni la kweli, lakini mteja huyu ana mke na watoto watatu. Anapiga hesabu mwenyewe: watu watano, labda vyumba vitatu, kwa usiku mbili ni 510,000. Anaweka simu chini. Kwenye daftari utaona: kimya.

Ninachomfundisha ni kuuliza mambo mawili tu kwanza, lini na wangapi, katika meseji moja:

"Salama kabisa, karibu sana. Mnatarajia kuja lini, na mko wangapi? Kama kuna watoto nitajie na umri wao, nikuangalizie chumba kitakachowatosha."

Mteja anajibu: Ijumaa hadi Jumapili, sisi wawili na watoto wa miaka 11, 7 na 3. Sasa mhudumu ana kitu cha kufanyia kazi. Wa miaka 3 halipiwi, wanabaki wanne, na chumba cha familia kinawatosha:

"Nafasi ipo. Chumba cha familia kinawatosha wote, mdogo atalala nanyi bila malipo. Ni 140,000 kwa usiku, kwa usiku mbili jumla 280,000, na kifungua kinywa cha wote kimo. Mkipenda watoto walale chumba chao, vyumba viwili vya watu wawili ni 340,000, na kitanda cha ziada hakihitajiki. Nikushikie kipi?"

Angalia mambo mawili katika meseji hiyo. Jumla imetajwa, kwa hiyo mteja hapigi hesabu ya kubahatisha. Na inaishia na swali la kuchagua. Meseji inayoishia na "karibu sana" haimpi mteja kazi yoyote ya kufanya, ndiyo maana haijibiwi.

Kuna watu wanawafundisha wahudumu kuficha bei mpaka mteja apige simu. Mimi nakataa kabisa. Mteja akisisitiza kwamba anataka bei tu, apewe palepale: "Cha watu wawili 85,000, cha familia 140,000, kwa usiku mmoja na kifungua kinywa." Kisha ndipo uulize lini na wangapi. Mtu akifichwa bei huamini kwamba unataka kumpima mfuko kwanza.

Majibu ya aina hii tunayahifadhi kwenye WhatsApp Business kama majibu ya haraka. Mhudumu akiandika `/familia` jibu linatokea. Lakini mahali pa tarehe na jumla tunaacha mistari mitupu ajaze mwenyewe, maana nimeona mteja akitumiwa tarehe za mtu mwingine kwa sababu jibu lilinakiliwa zima zima.

Hatua ya 4: Tarehe zisemwe mara mbili

Hili lilinigharimu. Mzee mmoja alipiga akataka chumba "usiku wa Jumamosi", nami nikaandika Jumamosi. Akafika Ijumaa baada ya Magharibi, yeye na mkewe, na vyumba vyote vimejaa. Kwa hesabu yake, kama walivyozoea wazee wengi wa pwani, siku inaanza jua linapozama, kwa hiyo usiku wa Jumamosi ni ule wa kuamkia Jumamosi. Hakukosea. Niliyekosea ni mimi niliyekuwa sijauliza.

Tangu siku hiyo kila mhudumu wangu hurudia kwa mteja siku na tarehe ya kuingia, siku na tarehe ya kutoka, na idadi ya usiku. "Mnaingia Ijumaa mchana, mnatoka Jumapili asubuhi, usiku mbili. Ndivyo?" Vivyo hivyo kwa neno "double": mwingine anamaanisha kitanda kimoja kikubwa, mwingine vitanda viwili. Usikisie, uliza vitanda.

Hatua ya 5: Simu, mkipeana mgongo

Kwa simu ninafanya zoezi moja tu, kila asubuhi dakika kumi na tano kwa wiki mbili. Tunakaa kwenye viti tukipeana mgongo ili asinione uso, kwa sababu kwenye simu hana uso wa kusoma. Mimi ni mteja, yeye anapokea, kisha tunabadilishana. Zamu ya kuwa mteja ndiyo inayomfundisha zaidi. Akiwekwa kimya nusu dakika wakati "napekua daftari", anaonja mwenyewe ubaya wake, na siku inayofuata anasema, "Naangalia daftari la vyumba, tafadhali usikate."

Apokee kabla mlio wa nne, ataje nyumba na jina lake, aitikie salamu kama ilivyotolewa. Mtu akianza na "Asalaam aleikum" aitikiwe "Waaleikum salaam", na sauti ya mtu mzima ipewe shikamoo. Baadaye aulize jina na alitumie, na "mpenzi" au "mrembo" asimwite mteja yeyote. Simu ikikatika, apige yeye, kwa hiyo simu ya ofisi iwe na dakika kila siku. Akimaliza, atume meseji ya yale waliyokubaliana.

Hatua ya 6: "Hamna punguzo?"

Mhudumu mwoga hufanya moja kati ya mawili: anapunguza papo hapo, au anajibu "bei ni hiyohiyo" kwa sauti iliyokauka. Namfundisha kwamba bei ikishuka, kitu kibadilike. Yule baba wa familia akiomba 250,000 kwa wikiendi, jibu ni: "Wikiendi siwezi kushusha, lakini mkija Jumapili mkakaa usiku tatu, nakutolea asilimia 10, jumla inakuwa 378,000 badala ya 420,000." Akikataa, amekataa kwa sababu unayoijua, na unaiandika.

Hatua ya 7: Pesa, kisha kimya

Mteja akisema "sawa, nitakuja", hiyo bado siyo nafasi. Mhudumu amwambie: "Nakushikia chumba hadi kesho saa sita mchana. Ukilipa nusu, 140,000, kwenye Lipa Namba yetu, kinakuwa chako. Inayobaki utalipa ukifika." Ampe namba, amtajie na jina litakalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha, ili alione na asisite.

Mteja akituma picha ya skrini kuonyesha amelipa, mhudumu asiandike kitu mpaka aone pesa kwenye akaunti yenyewe. Picha hutengenezwa, na hata meseji ya muamala unaweza kutumiwa na namba ya mtu binafsi. Pesa ikionekana, atume uthibitisho wenye tarehe, chumba, kilicholipwa na kilichobaki, pamoja na masharti ya kuahirisha.

Kwa aliyenyamaza, tunamfuata mara mbili tu. Ya kwanza ni kabla muda wa kushikiwa haujaisha: "Chumba cha familia bado nimekushikia hadi saa sita. Kuna jambo ungependa kujua?" Ya pili ni kesho yake, kumwambia kwamba chumba kimeachiwa, na kama bado anakitaka aulize tena. Zaidi ya hapo ni usumbufu.

Baada ya wiki mbili rudi kwenye daftari. Kimya kikija mara tu baada ya bei, soma meseji za mhudumu: mara nyingi utakuta ametaja bei ya usiku mmoja akaacha jumla, au hakuuliza swali mwishoni. Kimya kikija baada ya kutuma namba ya malipo, jaribu kulipia mwenyewe kwa simu yako uone jina gani linatokea. Kwetu lilikuwa linatokea jina la mwenye nyumba badala ya jina la nyumba ya wageni, na wateja walidhani wanaibiwa.